Kuni za mafungu, mkaa wa kopo au mafuta ya taa ya kupima: uuze kipi?

Mteja anayenunua nishati ya kupikia ya siku moja hawezi kulipia gunia zima wala shehena ya kuni. Muuzaji wa rejareja ndiye anayenunua kwa wingi, akagawa, akatunza. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini wengi huikosea hesabu mahali pamoja: hudhani kwamba walichonunua ndicho watakachouza. Sivyo. Kuni hupungua maji, mkaa hupungua chenga, na mafuta ya taa hupungua kwa matone na kwa kipimo kinachovuka mstari. Aidha kila moja ina namna yake ya kuunguza ghala au kumdhuru mtu, na eneo linaloifaa moja huenda lisifae nyingine kabisa.

Kwa hiyo ulinganisho huu haukuanza na bei ya sokoni. Umeanza na mambo mawili ambayo muuzaji anaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kutoa mtaji: kinachopotea katika kugawa, na mahali pa kutunzia.

| | Kuni | Mkaa | Mafuta ya taa |
|---|---|---|---|
| Kinachopotea | Maji | Chenga na vumbi | Matone, kipimo kilichozidi |
| Kipimo kinachofaa | Pete ya chuma | Kopo moja lisilobadilika | Kikombe chenye mstari |
| Kinachohitajika zaidi | Nafasi na muda | Paa lisilovuja | Chumba cha peke yake |
| Hatari kubwa | Moto wa nje, nyoka na nge | Kaa hai ndani ya gunia | Moto, na mtoto kuyanywa |

Kuni

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yafikayo nusu ya uzito wake. Ukikauka vizuri hewani, maji hushuka hadi takriban asilimia 20, au chini kidogo kwenye hali ya hewa kavu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata faida au hasara.

Chukua mfano. Umenunua kilo 400 za kuni mbichi ambazo nusu yake ni maji. Mti wenyewe ni kilo 200 tu. Kuni zikikauka hadi maji yabaki asilimia 20, zile kilo 200 za mti zitakuwa sehemu nne kati ya tano za uzito, yaani mzigo wote utakuwa kilo 250. Kilo 150 zimekwenda hewani. Ukifunga mafungu ya kilo 2.5, utapata mafungu 100, si 160 kama ulivyogawanya siku ya kununua. Kama mzigo ulikugharimu 100 kwa fedha yoyote ile, kila fungu limekugharimu 1. Muuzaji aliyegawa kwa 160 atadhani limemgharimu 0.63, na akiliuza kwa 0.9 atajihesabia faida ilhali kila fungu linamtoa mfukoni.

Zipo njia mbili za kujikinga. Nunua kwa ujazo badala ya uzito, maana kuni hazisinyai sana kwa ujazo zinapokauka. La, kama muuzaji wa jumla anapima kwa mizani tu, lipa kwa uzito wa kuni kavu unaoutarajia. Kumwuzia mteja kuni mbichi kwa uzito kunaweza kuonekana njia ya mkato, lakini kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban megajuli 14 za joto na kilo ya kuni mbichi hutoa kama 8 tu, kwa sababu sehemu ya moto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni wenyewe. Mteja ataona moshi, atasikia ukuni ukifoka povu kwenye ncha, na kesho atakwenda kwingine.

Pasua kabla ya kukausha. Gome huzuia maji yasitoke, na maji hutoka kwa urahisi kupitia ncha na uso uliopasuliwa. Vipande vya unene wa sentimita 3 hadi 5 na urefu wa kama 35 hukauka upesi kuliko magogo, ambayo yanaweza kuchukua mwaka. Ni baada ya wiki ngapi? Hilo hutegemea mti, unene, jua na upepo, kwa hiyo usitumie kalenda, tumia mizani. Chagua vipande vitatu, vitie alama ya rangi, vipime kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo, rundo lile limefikia ukavu wa hewa ya mahali hapo. Dalili nyingine ni nyufa zinazotawanyika kutoka katikati ya ncha, gome linalobanduka, na sauti kali inayolia vipande viwili vinapogongana. Kuni mbichi hutoa mlio mzito, uliofifia.

Funga mafungu baada ya kukausha. Ukuni husinyaa kwa unene, hata kama kidogo, na fungu lililofungwa likiwa bichi hulegea kamba, vipande vikachomoka, na mteja akaamini umempunja. Ili mafungu yote yalingane, tengeneza pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 16. Ijaze vipande vya sentimita 35 hadi visiingie tena kwa mkono, funga kamba mbili, kila moja karibu na ncha yake, kisha vuta pete. Kwa mti wa uzito wa wastani utapata takriban kilo 2.5. Pima mafungu matano ya kwanza kwenye mizani, maana mti mgumu utazidi na mti mwepesi utapungua, na ikibidi badilisha pete. Weka kipande kimoja au viwili vyembamba ndani ya kila fungu. Anayenunua kidogo mara nyingi hana njiti za kuwashia, na hilo pekee humrudisha.

Utunzaji wa kuni hauhitaji jengo; unahitaji paa na upepo. Panga juu ya mawe au nguzo zilizolala, sentimita 15 au 20 kutoka ardhini, ili unyevu na mchwa wasipande. Acha pande wazi. Kufunika rundo lote kwa turubai hadi chini ni kosa la kawaida: mvuke unaotoka kwenye kuni hugeuka matone chini ya turubai na ukungu huota. Turubai ifunike juu tu. Rundo lisipite mita 1.5 kwa kimo, kwa kuwa hubomoka na kumwangukia mtoto aliye karibu. Liwe mbali na ukuta wa nyumba na mbali na jiko. Vaa glavu nzito unapochota, kwa sababu nge na nyoka hupenda nafasi za katikati.

Jambo moja lisijadiliwe: usichanganye mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki, na moshi wake pamoja na majivu ni sumu. Mbao hizo ni rahisi kupatikana kwenye mabaki ya ujenzi, na kwa kuwa zimekauka huvutia.

Mkaa

Mkaa unaupita ukuni kwa uzito: kilo moja hubeba takriban megajuli 28, mara mbili ya kuni kavu. Hauhitaji miezi ya kukausha, na gunia moja hutosha katika kona ndogo. Ndiyo sababu wengi huanzia hapa. Lakini hupotea kwa njia isiyoonekana hadi gunia liishe.

Gunia la kilo 50 likimwagwa na kuchekechwa kwenye wavu wenye matundu ya sentimita 2, kilo 5 za chenga na vumbi si jambo la kushangaza, na gunia lililosafiri njia mbaya au kurushwa chini mara kadhaa hutoa zaidi. Tuchukue hizo 5. Gunia limegharimu 100, usafiri 8, jumla 108. Muuzaji anayegawa kwa 50 huona kilo moja imemgharimu 2.16, akaongeza asilimia 10, akauza 2.38. Kwa kuwa ana kilo 45 tu za kuuza, atakusanya takriban 107. Amefanya kazi na kupoteza 1. Gharama ya kweli ni 108 kugawa kwa 45, yaani 2.40 kwa kilo, na faida huhesabiwa kuanzia hapo.

Kwa hiyo chekecha gunia la kwanza la kila msambazaji na upime chenga. Ukiona gunia lake linatoa nyingi kupita kiasi, una takwimu ya kujadiliana naye bei. Angalia pia katikati na chini ya gunia, si juu tu, maana juu hupangwa vipande vizuri na chini hupatikana udongo au mawe. Mkaa ulioiva hulia kama kigae ukigongwa na huvunjika ukionyesha uso mweusi unaong'aa. Kipande chenye kahawia ndani hakijaiva na kitatoa moshi. Chenga usizitupe. Watengenezaji wa vitofali vya mkaa huzinunua, nao huzishikanisha kwa udongo au uji wa wanga.

Kipimo kiwe kopo moja lisilobadilika. Kopo la lita 4 hubeba takriban kilo 1 ya mkaa wa vipande vya wastani, ingawa mkaa wa miti migumu huzidi. Vipande vikubwa mno huacha matundu mengi ndani ya kopo, hivyo vivunje hadi ukubwa wa ngumi ndogo. Amua mapema kama unauza kopo la kusawazisha mdomoni au la kichuguu, na ushike hilo. Wateja hawaoni mizani, wanaona mdomo wa kopo, na siku ukipunguza kichuguu watajua kabla hujasema neno.

Kuhusu usalama, sehemu inayostahili kuogopwa ni gunia linalofika likiwa jipya kutoka tanuri. Mkaa hupitisha joto polepole, kwa hiyo kaa moja hai inaweza kukaa katikati ya gunia saa nyingi huku nje pakiwa baridi. Zaidi ya hapo, mkaa mbichi wa tanuri hufyonza oksijeni na kupata joto wenyewe, hasa ukiwa na vumbi jingi na ukirundikwa. Gunia likiingizwa ndani jioni, moto huanza usiku.

Muulize msambazaji mkaa ulitolewa lini. Usipopata jibu la kuaminika, liache gunia nje peke yake kwa saa 24 au zaidi, mbali na magunia mengine na ukuta, kwenye ardhi tupu na chini ya paa la wazi lisiloshika moto. Chomeka nondo hadi katikati, iache robo saa, kisha isogezee kiganja bila kuigusa kwanza. Ikiwa ina joto, au gunia linanuka moshi, mwaga mkaa wote chini, utandaze mwembamba, nyunyizia maji na usubiri tena. Kumwaga maji juu ya gunia lililofungwa hakusaidii, kwani hayafiki katikati.

Mtu asilale katika chumba cha mkaa. Gunia linaloungua polepole bila mwali hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo. Kwa sababu hiyohiyo usimwonyeshe mteja ubora wa mkaa kwa kuuwasha ndani ya duka. Unyevu nao ni adui wa kimyakimya: mkaa hunywa maji kutoka sakafuni, ukawa mzito na ukarusha cheche unapowashwa. Magunia yakae juu ya chaga.

Mafuta ya taa

Kwa nafasi, mafuta ya taa hayana mpinzani. Lita moja ina takriban megajuli 35 na dumu la lita 20 hukaa mahali pa kiti kimoja. Hayachekechwi wala hayakaushwi. Upotevu upo kwenye mkono wa anayepima. Dumu la lita 20 ni vikombe 80 vya mililita 250. Ukizidisha mililita 10 kila kikombe kwa kutojali au kwa kumpendeza mteja, umetoa mililita 800, zaidi ya vikombe vitatu. Tumia kikombe cha chuma chenye mstari uliochorwa ndani, na faneli yenye mdomo mpana, huku ukipimia juu ya sinia ili matone yarudi kwenye dumu na si sakafuni.

Hapa lakini bidhaa yenyewe ndiyo inayokuchagua. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hadi yafike nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, ndiyo maana huweza kutumika ndani ya nyumba. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali, kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli kidogo ikichanganyika, kwa udanganyifu au kwa dumu lililowahi kubeba petroli, jiko la mteja linaweza kulipuka. Usijaribu kwa kuwasha. Nusa, kisha dondosha tone kwenye karatasi: mafuta ya taa huacha doa linalodumu, petroli huruka na doa hukauka upesi. Kipimo hiki hukamata mchanganyiko mkubwa, si mdogo, kwa hiyo kinga ya kweli ni kununua kwa msambazaji mmoja anayejulikana na kuwa na madumu yasiyowahi kubeba kitu kingine.

Ya pili ni chupa. Mafuta ya taa yasiyo na rangi kwenye chupa ya maji ya kunywa hunywewa na watoto. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni huleta nimonia kali. Mtoto akinywa, asitapishwe, kwa sababu kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Muuzaji ana uwezo wa kuzuia jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote: kataa chupa za vinywaji, na uza kidumu kigumu chenye kifuniko cha kukaza kilichoandikwa MAFUTA YA TAA, SUMU, ambacho mteja hurudi nacho kila mara. Usijaze hadi juu. Mafuta hutanuka yakipata joto, hivyo acha nafasi ya kama asilimia 5.

Chumba cha mafuta kisiwe na unga, sabuni wala mkaa. Harufu hupenya vyakula. Dumu likae ndani ya beseni linaloweza kubeba mafuta yote likipasuka, walau lita 22 kwa dumu la lita 20. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni, na si maji: mafuta huelea juu ya maji, na moto huenea pamoja nayo. Wakumbushe wateja kwamba jiko hujazwa likiwa limezimwa na kupoa.

Kuna wanaouliza kuhusu gesi ya mitungi. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo dukani si biashara ya kujifunza kwa majaribio. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ikutane na moto, na mtungi mdogo uliojazwa bila kuacha nafasi ya juu unaweza kupasuka ukipigwa na jua. Ukitaka kuuza gesi kidogo kidogo, uza mitungi midogo iliyojazwa kiwandani, au uwe wakala wa mfumo wa mita ya kulipia kadiri mteja anavyotumia.

Joto linalofika sufuriani

Mteja hanunui megajuli, ananunua chungu kilichoiva. Moto wa mafiga matatu hupitisha sufuriani sehemu ndogo ya joto, tuseme asilimia 13. Jiko la mkaa la kawaida hufikia kama 25, na jiko zuri la mafuta ya taa kama 40. Ukizidisha, kilo moja ya kuni kavu huleta karibu megajuli 2 sufuriani, kilo ya mkaa 7, lita ya mafuta ya taa 14. Ni makisio, na jiko lililoboreshwa huyabadilisha sana, hasa upande wa kuni. Hata hivyo yanatosha kupangia bei: fungu la kilo 2.5 huleta megajuli 5, kopo la mkaa 7. Ikiwa bei ya fungu lako imefika sawa na kopo la mkaa la jirani, fungu halitatoka, hata likiwa limefungwa vizuri namna gani.

Uchague vipi

Ukiwa na uwanja wenye upepo, shoka, na mtaji unaoweza kulala miezi kadhaa bila kukudai, kuni ndizo zenye nafasi kubwa zaidi ya faida, kwa sababu muda wa kukausha ndio thamani unayoiongeza na wachache wana subira nayo. Hakikisha tu chanzo chake kina kibali. Kwa mkaa vilevile.

Ukiwa na kibanda kidogo kisichovuja na mtaji wa kuzunguka kila wiki, chukua mkaa. Anza na magunia mawili: moja la kuuza, moja likisubiri nje kwa saa zake 24. Gunia la tatu lisije kabla la kwanza halijafika nusu, kwani akiba kubwa katika kibanda kidogo huongeza hatari bila kuongeza mauzo.

Mafuta ya taa yauzwe tu na mwenye chumba cha peke yake na mlango wa kufungwa. Mwenye duka la vyakula la chumba kimoja, wala asiyaingize, hata wateja wakiyaulizia kila siku. Na mwenye nafasi ya kuuza viwili, achanganye kuni na mkaa: kuni nje chini ya paa la wazi, mkaa ndani juu ya chaga, gunia jipya likikaa mbali na vyote viwili mpaka nondo itoke baridi.